Flashi, tochi au kioo: taa ipi ya simu kwa kazi ipi gizani

Mtu akiingia duka la simu mjini kati hapa Mwanza, swali lake la gizani huwa moja: "Kaka, flashi ya hii ni kali?" Muuzaji anawasha tochi, anammulika mteja usoni, mteja anafumba macho, biashara imekwisha. Kumbe kilichopimwa hapo si flashi. Ni tochi, tena kwa umbali wa mkono, na kwa umbali huo hata simu ya bei ya chini kabisa inaumiza macho.

Simu moja ina taa tatu, na kila moja ina kazi yake. Kuna flashi, ule mmweko wa nyuma unaowaka unapopiga picha. Kuna tochi, ambayo hutumia kitaa kilekile cha nyuma lakini ikiwaka mfululizo. Halafu kuna kioo cha mbele, kinachogeuka cheupe chote unapopiga selfi gizani. Nikiulizwa nichague moja ya kubaki nayo siku umeme umekatika, nitachukua tochi bila kufikiri mara mbili. Flashi ninaitumia mara chache kuliko watu wanavyodhani. Kioo kina eneo dogo sana la kazi, lakini ndani ya eneo hilo kinazishinda zote mbili.

Kwa nini flashi na tochi si kitu kimoja

Kitaa ni kilekile, ila umeme unaopita ndani yake haulingani. Wakati wa flashi, simu inakisukumia mkondo mkubwa, ampea 1 au hata zaidi, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ukiuacha mkondo huo upite dakika nzima, kitaa kitaungua. Kwa hiyo tochi inapewa mkondo mdogo, mara nyingi sehemu moja ya tano hivi au pungufu. Ndiyo maana simu yenye tochi hafifu inaweza kuwa na flashi nzuri tu, na kinyume chake pia.

Hapo ndipo unapoanza kuelewa vituko vya chaji. Simu nyingi za Android hugoma kuwasha flashi chaji inapokaribia asilimia 15 au ikiwa chini zaidi, kutegemea mtengenezaji, huku tochi ikiendelea kuwaka. Si hitilafu. Ule mkondo wa ghafla unaweza kuishusha nguvu ya betri iliyochoka kiasi cha simu kujizima. Simu ikipata joto kali nayo hufanya vivyo hivyo: flashi inafungwa hadi ipoe.

Kioo ni habari nyingine. Kila sehemu yake inatoa mwanga kidogo, lakini ni kipana. Kitaa cha nyuma kina upana wa milimita chache; kioo kina urefu wa sentimita 15 hivi. Chanzo kipana kikiwa karibu na uso hutoa vivuli laini, na chanzo kidogo hutoa vivuli vikali. Mengine yote kuhusu selfi yanatokana na tofauti hiyo.

Sebule ya Nyakato, umeme umekatika

Tuchukue mfano wa kawaida. Saa mbili usiku, Nyakato, mtoto anatimiza miaka 6, keki iko mezani na umeme unakatika. Watu wanane wamejipanga: watoto wamekaa mbele, mita moja na nusu kutoka kwenye simu, na wakubwa wamesimama nyuma ukutani, mita 3. Mpiga picha anawasha flashi.

Mwanga hupimwa kwa luksi. Sebule yenye taa za kawaida usiku huwa na luksi 50 hadi 150 hivi. Tuseme flashi ya simu hii inatoa luksi 100 kwa umbali wa mita moja. Ukizidisha umbali mara mbili, mwanga haupungui nusu, unabaki robo. Ukizidisha mara tatu, unabaki sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo watoto wa mbele wanapata luksi 44, na baba zao ukutani wanapata 11. Kamera inajipima kwa walio mbele, kwa hiyo wa nyuma wanatoka kama vivuli. Ikijipima kwa wa nyuma, mashavu ya watoto yanakuwa meupe kama chaki.

Kununua simu yenye flashi kali zaidi hakutibu jambo hili hata kidogo, maana ukiongeza nguvu, wa mbele na wa nyuma wanaongezeka pamoja na uwiano unabaki uleule, nne kwa moja. Dawa yake ni mpangilio. Wapange watu nusu duara, kila mmoja akiwa mita 2 hivi kutoka kwenye kamera, wafupi katikati na warefu pembeni. Wote watapata karibu luksi 25, na simu ya kawaida itaimudu picha hiyo vizuri.

Jambo la pili watu hulikosa kila sherehe. Unapobonyeza, kitaa huwaka kwanza kwa muda mfupi ili kamera ipime mwanga na kulenga, ndipo uje mmweko wenyewe. Watu wakiona ule wa kwanza hudhani picha imekwisha: mmoja anageuka, mwingine anameza soda. Waambie mapema, "Msisogee mpaka niseme." Tena, mmweko wa kitaa cha simu unadumu muda wa kutosha kwa mkono wa mtoto kusogea, hivyo anayepiga makofi hutoka na mikono ya ukungu. Zile flashi za zamani za gesi ya zenoni zilikuwa fupi mno na ziligandisha mkono hewani. Simu chache ziliwahi kuwa nazo, kama Nokia 808 ya 2012 na Lumia 1020 ya 2013. Siku hizi ni vitaa tu karibu kila mahali.

Na wakati wa kukata keki yenyewe, zima flashi. Mshumaa mmoja wa kawaida wa dukani hutoa karibu luksi 4 kwa umbali wa nusu mita. Ukiwasha mitatu karibu na mtoto, uso wake una luksi 12 za mwanga wa manjano unaopendeza, na hiyo inatosha kwa hali ya usiku ya kamera kama mtoto atatulia sekunde mbili na simu imeegemezwa kwenye kiti au chupa. Flashi ikiwaka, mishumaa inabaki vijinukta na ukuta unageuka mweupe wa hospitali. Mimi hupiga picha moja kwa flashi kwa ajili ya kumbukumbu ya nani alikuwepo, zilizobaki zote kwa mishumaa.

Selfi: kioo dhidi ya flashi ya nyuma

Kamera ya mbele ya simu nyingi haina kitaa. Apple walipotoa iPhone 6s mwaka 2015 walikifanya kioo kimweke hadi mara 3 ya mwangaza wake wa kawaida wakati wa selfi, na baada ya hapo njia ya kutumia kioo imezoeleka kwenye simu za kila bei. Kwenye Android nyingi utaiona alama ya radi juu ya kamera ya mbele; chagua "On" badala ya "Auto", kwa sababu ukiwa karibu na dirisha lenye mwanga wa jirani, "Auto" hujidanganya kwamba kuna mwanga wa kutosha.

Nguvu ya kioo ni hii. Kioo cha inchi 6.5 chenye mwangaza wa niti 500, kikiwa cheupe chote, hutoa takribani luksi 20 kwa umbali wa nusu mita. Kwa sentimita 30 kinakaribia 50. Kwa mita moja zinabaki luksi 5 tu. Maana yake, selfi ya mtu mmoja kwa mkono uliokunjwa kidogo itatoka safi, lakini yule rafiki anayechungulia nyuma ya bega lako, mita moja kutoka kwenye simu, tayari yuko gizani. Selfi ya watu watano kwa kioo usiku sijaiona ikifanikiwa.

Kwa uso mmoja, hata hivyo, kioo hakina mpinzani. Flashi ya nyuma humulika uso kwa nukta moja kali: paji la uso lenye jasho au mafuta hung'aa kama sahani, na kivuli cha kichwa kinachorwa ukutani nyuma yako. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao huo huonekana zaidi, kwa kuwa tofauti kati ya sehemu inayong'aa na inayobaki ni kubwa. Kioo husambaza mwanga uso mzima na kuutuliza mng'ao. Shika simu umbali wa sentimita 40 hadi 50. Ukiileta karibu zaidi mwanga unaongezeka, lakini pua nayo inakua. Pandisha mwangaza wa kioo mpaka mwisho kabla ya kupiga, kwa sababu si kila simu hupandisha yenyewe. Kama umevaa miwani, inua simu juu kidogo ya macho na uiinamishe, la sivyo utaona mstatili mweupe kwenye kila lensi.

Udhaifu wake mkubwa ni mandhari. Ukisimama juani jioni pale Capri Point unapata uso na ziwa pamoja. Usiku kioo kitakupa uso unaoelea kwenye weusi mtupu. Simama basi karibu na ukuta au jiwe, nusu mita nyuma yako, nalo lishike mabaki ya mwanga. Au muombe mwenzako awashe tochi ya simu yake na kuielekeza kwenye ukuta mweupe ulio pembeni yako, sio usoni. Ukuta huo unageuka kuwa taa pana, pana kuliko kioo chochote, na hapo unaweza kutumia kamera ya nyuma ambayo karibu kila mara ni bora kuliko ya mbele.

Namba ya mita ya LUKU

Hapa flashi ndiyo hushindwa vibaya kuliko pote, na ndipo watu huing'ang'ania. Uniti zimeisha usiku, majirani wana taa, kwa hiyo umejua si mtaa mzima. Unataka kumtumia mtu picha ya namba ya mita, tarakimu 11, akununulie. Unasogea sentimita 20 kutoka kwenye mita, unapiga na flashi, unapata duara jeupe juu ya plastiki na namba haisomeki.

Kuna sababu mbili. Kwa sentimita 20 mwanga wa flashi ni mara 25 ya ule wa mita moja, na mfuniko wa plastiki unaurudisha moja kwa moja kwenye lensi kwa sababu kitaa na lensi vimekaa pamoja. Rudi nyuma hadi karibu mita moja, vuta picha mara 2, na usimame pembeni kidogo badala ya kuikabili mita uso kwa uso. Njia bora zaidi, kama kuna simu ya pili, ni kuzima flashi kabisa na kumulika kwa tochi ya simu hiyo kutoka chini au pembeni. Mwanga unaokuja kwa mshazari hurudi kwa mshazari, unaikosa lensi. Hivyohivyo kwa risiti, kitambulisho chenye plastiki na karatasi ya dawa.

Wakati wa kuingiza zile tarakimu 20 za tokeni, tochi ya simu moja inasumbua: unasoma ujumbe kwenye kioo, unageuza simu umulike vitufe, umesahau ulipofikia. Ziandike kwanza kwenye karatasi kwa makundi ya nne nne, kisha mulika karatasi na vitufe kwa pamoja.

Ngazi za Mabatini

Kwa kutembea usiku hakuna ushindani. Flashi haina kazi, kioo hakifiki mguuni, imebaki tochi. Lakini tochi ya simu nayo ina mipaka inayotokana na umbile lake. Kitaa kile kimetengenezwa kujaza picha nzima ya kamera, kwa hiyo kinatawanya mwanga kwa upana. Kwa mfano, tochi inayotoa luksi 20 kwa mita moja hubaki na luksi isiyofika 1 kwa mita 5. Tochi ndogo ya kuchaji yenye kikombe cha kung'aa ndani, hata ikiwa na mwanga uleule kwa jumla, huukusanya mbele na kufika mbali mara kadhaa zaidi. Anayepanda kila usiku ngazi za mawe kule Mabatini, Igogo au mlima wa Bugando anunue tochi ya kawaida, ikiwezekana ya kuvaa kichwani, na simu ibaki mfukoni. Simu mkononi usiku inaanguka, na inanyakuliwa na aliye kwenye pikipiki.

Ila ikiwa ndiyo uliyo nayo, ishike chini usawa wa kiuno, ukimulika mbele hatua mbili au tatu. Ukiishika usawa wa macho, vivuli vya mawe vinajificha nyuma ya mawe yenyewe na ngazi zinaonekana bapa. Ikiwa chini, kila kishimo kinatoa kivuli chake. Baada ya mvua kuwa mwangalifu zaidi: jiwe lililolowa hurusha mwanga mbele badala ya kukurudishia, kwa hiyo linaonekana jeusi, kama shimo au kama ardhi tupu.

Na usiwashe kiwango cha juu kwa mazoea. Macho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mkali unayarudisha nyuma mara moja. Mbalamwezi kamili ni kama robo ya luksi tu, na bado watu hutembea nayo. Inatosha hata kuwaharibia kazi wavuvi wa dagaa ziwani, ambao taa zao huvuta samaki vizuri siku za giza. Kiwango cha pili kati ya vitano kinatosha njia ya kawaida. Kinachopofusha zaidi kuliko tochi ni kioo cha simu hiyohiyo kikiwa kimepandishwa mpaka mwisho ulipokuwa unapiga selfi, halafu ukafungua ujumbe katikati ya ngazi.

Msimu wadudu wadogo wa ziwani wanapotoka kwa makundi, usipige picha na flashi nje kabisa. Walio karibu na lensi hupata mwanga mara mamia ya mtu aliye mbali, na picha inajaa madoa meupe. Tochi iliyoshikwa na mtu mwingine pembeni huyapunguza sana.

Taa ya chumba na betri

Wengi huogopa kuwasha tochi kwa saa nyingi huku wakiacha kioo kimewaka chote. Ni kinyume. Betri ya miliampea-saa 5000 ina nishati ya wati-saa 19 hivi. Tochi ya kiwango cha kati pamoja na simu yenyewe hula kama wati 1; kioo cheupe kilichopandishwa mpaka mwisho kinaweza kula zaidi ya mara mbili yake. Tochi inaweza kukuvusha usiku, kioo hakitakuvusha.

Kama nyumba ina dari nyeupe, laza simu kifudifudi tochi ikitazama juu. Kama ni mabati wazi, mwanga unapotelea huko; weka juu ya kitaa chupa safi ya maji iliyofungwa barabara, na ukitia matone machache ya maziwa ndani ya maji hayo mwanga utasambaa vizuri zaidi.

Ukiwa dukani

Uliza kwanza kama tochi ina viwango. Samsung nyingi zina vitano, iPhone nazo zina viwango kadhaa, na tangu Android 13 ya 2022 programu zinaweza kurekebisha mwangaza pale ambapo simu yenyewe inaruhusu. Simu nyingi za bei nafuu zina kimoja tu. Mulika ukutani ukiwa hatua moja, simu mbili bega kwa bega. Tazama upana wa doa na rangi yake kuliko makali ya katikati. Doa la buluu hufanya nyuso ziwe za kijivu kwenye picha. Usihesabu vitaa vya nyuma, kwa kuwa kwenye simu nyingine kimojawapo ni pambo. Washa tochi utazame vipi vinawaka kweli.

Kisha omba uipige picha ya ndani ya boksi lenye giza kwa flashi, mara moja ikiwa na kava na mara moja bila. Picha ya kava ikitoka na ukungu mweupe upande mmoja, kava linaurudisha mwanga kwenye lensi. Kioo cha kulinda kamera kinachouzwa kando hufanya hivyohivyo, na mafuta ya vidole yakikipaka hali inakuwa mbaya zaidi. Tatizo hilo huonekana sana kwenye makava meupe na yanayopitisha mwanga. Jeusi lisilong'aa, lenye tundu pana kuzunguka kamera, halina shida hiyo.